Barua Ambatani ya Ripoti ya Maabara Iliyosahihishwa: Mfano wa Vokali za Kiswahili

Ikisiri

Mwanafunzi wa isimu anaporejeshewa ripoti ya maabara ikiwa na maoni ya mhadhiri, hutakiwa kuisahihisha na kuiwasilisha upya pamoja na barua fupi inayoeleza mabadiliko aliyoyafanya. Makala haya yanachunguza barua hiyo kwa kutumia mfano mmoja kutoka maabara ya fonetiki, yaani ripoti ya upimaji wa vokali tano za Kiswahili. Yanaonyesha kwamba kazi kuu ya barua hii ni kumwezesha msomaji kufuata kila badiliko kutoka kwenye maoni hadi kwenye matokeo, na kutenganisha badiliko lililogusa maneno tu na lile lililogusa ukweli wa ripoti.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huingia katika maabara ya fonetiki wakiwa wamezoea kuandika insha na tahakiki. Katika tahakiki, mwandishi anaposahihisha kazi yake, huboresha hoja na kurekebisha lugha, na msomaji huisoma upya kazi nzima kuanzia mwanzo. Ripoti ya maabara ni tofauti. Ndani yake mna takwimu zilizotokana na hatua fulani, na hatua moja ikibadilika, takwimu nyingi hubadilika pamoja nayo, kisha mjadala na hitimisho hulazimika kuzifuata. Mhadhiri aliye na ripoti arubaini mezani hawezi kuyagundua hayo kwa kulinganisha nakala mbili mstari kwa mstari. Hapo ndipo barua ambatani huhitajika.

Hata hivyo, barua zinazoambatishwa mara nyingi huwa za aina hii: "Nimefanya marekebisho yote uliyopendekeza. Asante kwa maoni yako." Barua hiyo ina adabu, lakini haina habari. Haielezi ni nini kilichobadilika, wapi, wala badiliko hilo lilifanya nini kwa matokeo. Inamtaka mhadhiri aamini tu, ilhali ripoti ya maabara ni aina ya maandishi ambayo msingi wake ni kukaguliwa.

Makala haya yanatumia mfano uliotungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Mwanafunzi wa mfano huu hana jina, na takwimu zake ni za kielelezo. Hata hivyo, kosa analosahihisha ni kosa halisi ambalo humpata mtu yeyote anayepima vokali kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo ni vyema kulieleza kosa lenyewe kabla ya kuiangalia barua.

2.0 Ripoti ya Kwanza na Kosa Lake

Mwanafunzi wa mfano wetu alipewa rekodi ya mwanamume mmoja, mzaliwa wa Mombasa na mzungumzaji wa Kimvita. Mzungumzaji huyo alisoma maneno matano, pita, peta, pata, pota na puta, kila moja mara tano. Maneno haya yalichaguliwa kwa sababu yanatofautiana katika vokali ya kwanza pekee. Kazi ilikuwa kupima vokali hiyo katika matamko yote ishirini na matano kwa kutumia programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Kinachopimwa katika zoezi kama hili ni fomanti. Hewa iliyo kinywani na kooni hutetemeka kwa nguvu zaidi katika masafa fulani kutegemea umbo ambalo ulimi na midomo vimelifanya. Masafa hayo yenye nguvu ndiyo fomanti, nayo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hufupishwa kuwa Hz. Fomanti ya kwanza, F1, hupanda kadiri kinywa kinavyofunguka, ndiyo maana huwa juu katika a na chini katika i na u. Fomanti ya pili, F2, hupanda kadiri ulimi unavyosogea mbele, hivyo huwa juu katika i na chini katika u, ambayo zaidi ya kutamkwa nyuma huviringa midomo.

Ripoti ya kwanza ilitoa wastani wa F2 wa Hz 2114 kwa vokali u. Wastani wa i katika ripoti hiyo hiyo ulikuwa Hz 2240, na wa e ulikuwa Hz 1930. Maana yake ni kwamba u ilitokea kuwa vokali ya mbele kuliko hata e. Mwanafunzi hakuishuku takwimu hiyo. Badala yake aliitafutia maelezo, akaandika katika hitimisho kwamba "wazungumzaji wa Kimvita huitamka u mbele ya kinywa, tofauti na Kiswahili sanifu." Kwa sentensi moja, hitilafu ya mpangilio wa programu iligeuzwa kuwa sifa ya lahaja na ya watu wanaoizungumza. Hili ndilo jambo zito katika mfano huu. Kosa la hesabu hubakia kwenye jedwali, lakini dai kuhusu matamshi ya watu hunukuliwa na kuenea.

Chanzo cha kosa kilikuwa wapi? Praat huhitaji kuambiwa itafute fomanti ngapi, na chini ya kikomo gani cha masafa. Isipoambiwa, hutafuta fomanti tano chini ya Hz 5500. Kikomo hicho kinafaa sauti ya kawaida ya mwanamke mtu mzima. Kwa sauti ya mwanamume, kikomo kinachopendekezwa ni Hz 5000. Sababu yake ni urefu wa njia ya sauti, kutoka kwenye koromeo hadi midomoni. Kwa mwanamume urefu huo hukadiriwa kuwa sentimita 17.5. Bomba la urefu huo lililofungwa upande mmoja, ambamo sauti husafiri sentimita 35,000 kwa sekunde, hutoa mvumo wa kwanza kwenye 35,000 gawanya kwa mara nne ya urefu, yaani Hz 500. Mivumo inayofuata huwa kwenye Hz 1500, 2500, 3500 na 4500. Fomanti tano, basi, huenea chini ya Hz 5000. Njia ya sauti ya mwanamke kwa kawaida ni fupi zaidi, kwa hivyo fomanti zake tano huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Mwanafunzi aliiacha programu kwenye Hz 5500 ilhali mzungumzaji wake alikuwa mwanamume. Programu ikalazimika kuzitandaza fomanti tano katika eneo pana kupita kiasi. Katika vokali kama i, ambamo F1 na F2 zimeachana sana, athari huwa ndogo. Katika u, fomanti hizo mbili hukaribiana, zote zikiwa chini ya Hz 1000. Programu ikaziona kama kilele kimoja, ikakiita F1, kisha ikaipa fomanti ya tatu jina la F2.

Kosa hili lina dalili mbili ambazo mwanafunzi angeweza kuziona. Ya kwanza imo katika takwimu zenyewe. F2 za matamko matano ya puta zilikuwa 2390, 2410, 970, 2370 na 2430. Hakuna hata tamko moja lililokaribia wastani wa 2114. Wastani usiofanana na kipimo chochote kilichouzaa huashiria kwamba vitu viwili tofauti vimechanganywa. Dalili ya pili iko kwenye skrini. Praat huchora nukta nyekundu juu ya picha ya sauti kuonyesha mahali inapodhani pana fomanti. Katika u iliyokosewa, huonekana mstari mmoja tu wa nukta kwenye ukanda mweusi ulio chini ya Hz 1000, mahali ambapo pangepaswa kuwa na mistari miwili.

3.0 Maoni ya Mhadhiri

Mhadhiri aliirejesha ripoti ikiwa na maoni manne. Kwanza, F2 ya u haiwezekani. Mwanafunzi akague mpangilio wa programu. Pili, ripoti haisemi kipimo kilichukuliwa sehemu gani ya vokali. Itumike nukta moja kwa matamko yote. Tatu, mihimili ya mchoro wa vokali igeuzwe ili ifuate desturi ya fonetiki. Nne, aongezwe mzungumzaji wa pili kabla ya kusema lolote kuhusu Kimvita kwa jumla.

Maoni haya hayana uzito sawa. La tatu ni la uwasilishaji tu. Kwa desturi, F1 huwekwa kwenye mhimili wa wima huku ikiongezeka kuelekea chini, na F2 kwenye mhimili wa mlalo huku ikiongezeka kuelekea kushoto, ili mchoro ufanane na kinywa kilichoelekea kushoto. Kugeuza mihimili hakubadilishi takwimu hata moja. La kwanza na la pili, kinyume chake, yanabadilisha takwimu zote. La nne ni la aina nyingine kabisa, kwa kuwa linaomba data ambayo mwanafunzi hana. Barua inayoyajibu yote manne kwa neno moja, "nimerekebisha", huificha tofauti hii ambayo mhadhiri anahitaji kuiona.

4.0 Barua Yenyewe

Ifuatayo ni barua ambayo mwanafunzi wa mfano wetu angeiambatisha kwenye ripoti yake ya pili. Kurasa zinazotajwa ni za nakala mpya.

Kwa Mhadhiri, Maabara ya Fonetiki

Mwalimu,

YAH: RIPOTI YA PILI YA MAABARA, NAKALA ILIYOSAHIHISHWA

Naambatisha ripoti iliyosahihishwa kufuatia maoni yako manne. Badiliko kubwa ni hili: dai la ripoti ya kwanza kwamba u hutamkwa mbele ya kinywa limeondolewa. Lilitokana na mpangilio usiofaa wa programu. Wastani wa F2 ya u sasa ni Hz 850 badala ya Hz 2114.

1. Mpangilio wa programu. Nilikuwa nimetumia kikomo cha Hz 5500. Nimepima upya matamko yote, si ya u peke yake, kwa kikomo cha Hz 5000. Amri niliyoitumia imo katika ukurasa wa 3. Jedwali la 2 (uk. 5) ni jipya lote.

2. Nukta ya kupimia. Awali nilichagua nukta kwa macho, na mara nyingi ilikuwa karibu na mwisho wa vokali. Sasa vipimo vyote vimechukuliwa katikati ya vokali (uk. 3).

3. Mihimili ya Mchoro wa 1 (uk. 6) imegeuzwa. Nukta zilizomo zinatoka kwenye Jedwali la 2 jipya.

4. Mzungumzaji wa pili. Sikumwongeza, kwa kuwa rekodi tuliyopewa ni ya mtu mmoja na muda wa kurekodi umekwisha. Badala yake nimeyapunguza madai. Anwani sasa ni "Vokali za Mzungumzaji Mmoja wa Kimvita", na sentensi zilizotaja Kimvita kwa jumla zimeondolewa katika ikisiri (uk. 1), mjadala (uk. 7) na hitimisho (uk. 8).

5. Badiliko ambalo hukuliomba. Niliposikiliza upya nilitambua kwamba katika tamko la nne la puta mzungumzaji alisoma pota. Nimeliondoa, hivyo u ina matamko manne na jumla ni ishirini na manne. Jambo hili limeelezwa katika uk. 4.

Athari ya kila hatua kwa wastani wa F2 ya u ni hii: ripoti ya kwanza, 2114, baada ya kuondoa tamko la nne, 2050, baada ya kubadili kikomo, 990, baada ya kupima katikati, 850. Katika vokali nyingine, F2 ya o imeshuka kutoka 1010 hadi 930, na zilizosalia zimebadilika kwa chini ya Hz 40.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi

5.0 Uchambuzi wa Barua

5.1 Mpangilio wa Habari

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba barua haianzi na maoni ya kwanza. Inaanza na matokeo, kwamba dai kuu limeondolewa. Mhadhiri akisoma aya hiyo pekee, tayari anajua kuwa anayo ripoti yenye hitimisho tofauti na lile alilolisoma awali. Laiti habari hiyo ingezikwa katika kipengele cha kwanza kati ya maelezo ya amri na kurasa, yamkini ingempita.

Baada ya hapo, kila kipengele hujibu maswali matatu: kilikuwa nini awali, kimefanywa nini, na kiko wapi katika nakala mpya. Swali la kwanza huachwa na wengi. Mwanafunzi huandika "nimetumia Hz 5000" bila kusema kwamba awali alitumia 5500. Mhadhiri basi hawezi kujua kama kosa lilikuwa la mpangilio au lilikuwa mahali pengine. Amri yenyewe, ambayo barua inaielekeza katika ukurasa wa tatu, imeandikwa katika ripoti kama ifuatavyo:

```
To Formant (burg): 0, 5, 5000, 0.025, 50
```

Nambari ya pili ni idadi ya fomanti zinazotafutwa, na ya tatu ndiyo kikomo. Mtu yeyote aliye na rekodi hiyo anaweza kuiandika amri hii na kupata fomanti zile zile. Hakuna maelezo ya maneno yanayoweza kuchukua nafasi yake.

5.2 Kutenganisha Athari

Aya ya mwisho ya barua ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, na ndiyo inayodai kazi zaidi. Takwimu moja, F2 ya u, iliguswa na mabadiliko matatu: tamko lililoondolewa, kikomo kipya na nukta mpya ya kupimia. Mwanafunzi angeweza kuyafanya yote kwa pamoja na kuripoti kwamba 2114 imekuwa 850. Lakini hapo angekuwa ameficha swali la msingi: je, takwimu ilishuka kwa sababu ya kikomo, au kwa sababu aliondoa tamko lililomsumbua?

Kwa kufanya badiliko moja baada ya jingine na kuandika wastani kila mara, jibu huwa wazi. Kuondoa tamko la nne kulishusha wastani kwa Hz 64 tu. Kikomo kiliushusha kwa Hz 1060. Nukta ya kupimia iliushusha kwa Hz 140. Kikomo ndicho kilichokuwa chanzo cha kosa, na uondoaji wa tamko haukulibeba hitimisho jipya. Mwanafunzi aliyeondoa data baada ya kuambiwa matokeo yake si sahihi huwa na haja ya kulithibitisha hilo, maana bila uthibitisho uondoaji huo hufanana na hila.

Hatua ya Hz 140 nayo ina maelezo yake, na ripoti inapaswa kuyatoa. Katika neno puta, vokali u hufuatwa na t. Ili kuitamka t, ncha ya ulimi hupanda sehemu ya mbele ya kinywa, na safari hiyo huanza kabla vokali haijaisha. F2 ya u, kwa hivyo, hupanda kuelekea mwisho wa vokali. Mwanafunzi aliyepima karibu na mwisho alikuwa akiipima u ambayo tayari imeanza kuelekea kwenye t. Hii pia ndiyo sababu o ilishuka kwa Hz 80 ilhali i haikubadilika sana. Katika i ulimi tayari uko mbele.

5.3 Lililokataliwa na Lisiloombwa

Kipengele cha nne kinajibu maoni ambayo hayakutekelezwa. Wanafunzi wengi huogopa kuandika "sikufanya", wakalipita jambo hilo kimya au wakaandika sentensi isiyoeleweka kama vile "suala la wazungumzaji limezingatiwa." Mhadhiri atafungua ripoti, atamkosa mzungumzaji wa pili, na kuanzia hapo atavitilia shaka vipengele vingine vyote. Barua yetu inasema waziwazi kwamba halikufanyika, inatoa sababu, kisha inaonyesha kilichofanywa badala yake. Mhadhiri hakutaka mtu wa pili kwa ajili ya idadi tu. Alitaka dai lisizidi ushahidi. Pakikosekana ushahidi zaidi, njia iliyobaki ni kulipunguza dai, na ndivyo ilivyofanywa.

Kipengele cha tano ni cha badiliko lisiloombwa. Haya ndiyo mabadiliko rahisi zaidi kuyaficha, kwa kuwa hakuna anayeyatafuta. Hata hivyo, jumla ya matamko imebadilika kutoka ishirini na tano hadi ishirini na nne, na msomaji makini ataliona pengo hilo bila kujua lilikotokea. Sentensi tatu katika barua zinalimaliza suala hilo. Izingatiwe pia kwamba sababu iliyotolewa haihusiani na ukubwa wa takwimu. Tamko halikuondolewa kwa kuwa lilikuwa kubwa au dogo mno. Liliondolewa kwa kuwa halikuwa neno lililokusudiwa. Sababu hiyo ingesimama hata kama kipimo chake kingekuwa sawa na vingine.

6.0 Mahali Barua Inapoharibika

Hitilafu ya kwanza ni ya barua kuahidi kile ambacho ripoti haikukifanya. Hutokea mara nyingi bila nia mbaya. Takwimu ya 2114 ilikuwa imeandikwa katika jedwali, lakini pia ilikuwa katika ikisiri, katika mchoro, katika mjadala na katika hitimisho. Mwanafunzi husahihisha jedwali, akasahau ikisiri. Ripoti basi husema katika ukurasa wa kwanza kwamba u ni ya mbele, na katika ukurasa wa tano kwamba ni ya nyuma. Njia ya kulizuia hili ni ya moja kwa moja: kabla ya kuandika barua, mwanafunzi atafute nambari 2114 katika faili nzima, kisha atafute maneno yaliyobeba dai lenyewe, kama vile "mbele ya kinywa", kwa maana dai huweza kubaki mahali ambapo nambari haikutajwa.

Hitilafu ya pili ni ya kusahihisha takwimu iliyolalamikiwa pekee. Mhadhiri alitaja u, naye mwanafunzi huipima upya u kwa kikomo cha Hz 5000 na kuziacha vokali nyingine katika vipimo vya Hz 5500. Jedwali huwa na mipangilio miwili, na mchoro unaotokana nalo hulinganisha vitu visivyolinganishika. Kosa hili lina dalili inayolifichua upesi. Kikomo kinapobadilishwa, hata vokali zisizoathirika sana husogea kwa hezi chache. Iwapo takwimu za i, e na a zimebaki zile zile kwa kila tarakimu, basi hazikupimwa upya, barua iseme iwavyo. Kwa sababu hii barua ya mfano inataja kwamba zilizosalia zilibadilika kwa chini ya Hz 40. Badiliko dogo nalo ni ushahidi kwamba kazi ilifanyika.

Hitilafu ya tatu ni ya kurasa. Maoni ya mhadhiri yalitaja kurasa za nakala ya kwanza. Baada ya marekebisho, aya zimesogea. Barua inayotumia kurasa za zamani humfanya msomaji afungue mahali pasipo na badiliko lolote. Kwa hivyo kurasa ziandikwe mwisho kabisa, baada ya ripoti kukamilika, na nakala ya kwanza itunzwe kando bila kuguswa ili pande zote mbili ziweze kuirejelea.

Kuna pia hitilafu ya kugeuza barua kuwa utetezi au kuwa toba. Aya nzima inayoeleza kwamba programu ilikuwa ngeni, au kwamba muda ulikuwa mfupi, haimsaidii mhadhiri kukagua chochote. Hali kadhalika, aya ya shukrani na ya kujilaumu. Sentensi "nilikuwa nimetumia kikomo cha Hz 5500" imetosha. Imekiri kosa, imelitaja kwa jina, na imempa msomaji njia ya kulipima.

7.0 Mipaka ya Barua

Barua ambatani si sehemu ya ripoti. Ripoti hukaa katika maktaba ya idara au mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka ujao, ilhali barua hubaki kati ya mwandishi na mhadhiri. Kwa sababu hiyo, lolote linalohitajika ili kuyaelewa matokeo sharti liwe katika ripoti yenyewe. Kikomo cha Hz 5000, nukta ya katikati na sababu ya kuondolewa kwa tamko la nne vyote vimeandikwa katika ripoti, na barua inaelekeza tu mahali vilipo. Laiti sababu ya kuondoa tamko ingekuwa katika barua pekee, msomaji wa baadaye angeona matamko manne ya puta na matano ya maneno mengine, asijue ni kwa nini.

Kinyume chake pia ni kweli. Historia ya kosa haina nafasi katika ripoti. Msomaji wa baadaye hahitaji kujua kwamba wakati mmoja u ilipimwa kuwa Hz 2114. Anahitaji kujua jinsi Hz 850 ilivyopatikana. Mfuatano wa 2114, 2050, 990 na 850 ni mali ya barua.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba barua ambatani nzuri hutangulia kusema ni dai gani limebadilika, hujibu kila maoni kwa kutaja hali ya awali, hatua iliyochukuliwa na ukurasa, hukiri wazi lisilofanywa na lisiloombwa, na huonyesha athari ya kila badiliko la takwimu kivyake. Katika mfano uliotumika, kazi hiyo ilichukua ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulitosha kuliondoa dai lisilo la kweli kuhusu wazungumzaji wa Kimvita kabla halijanukuliwa, na kumpa mhadhiri uwezo wa kuhakikisha, kwa kufungua kurasa saba tu, kwamba limeondolewa kila mahali lilipokuwa.